Kompyuta imsomee mtoto mwenye disleksia, au asome mwenyewe?

Kutoka: mzazi, Columbus, Ohio

Ndugu zangu, salaam. Mwanangu wa darasa la tatu amepimwa shuleni na imeonekana kuwa ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma maneno. Shule inamfundisha kusoma kwa utaratibu maalumu, lakini jioni kazi za sayansi zinamshinda, kwa kuwa kila neno refu humchukua muda mrefu mno, hata akifika mwisho wa sentensi amekwisha kusahau mwanzo wake. Je, kuna ubaya nikimwekea kompyuta imsomee?

Kutoka: kaka, Houston

Pole dada yangu. Mimi ningechukua tahadhari, kwa sababu mtoto aliyezoea kusomewa hatajifunza kuunganisha herufi kwa kusikiliza tu. Nashauri pia mzungumze Kiingereza peke yake nyumbani kwa muda, maana lugha mbili ndizo zinazomchanganya.

Kutoka: mwalimu wa elimu maalumu, Minneapolis

Kaka yetu amesema kweli kwamba kusikiliza hakuchukui nafasi ya somo la kuunganisha herufi na sauti, na kile kitabu kidogo cha mazoezi anacholetewa kutoka shuleni akisome mwenyewe bila mashine. Lakini lugha mbili hazisababishi disleksia, na tafadhali msiache Kiswahili, kwa sababu kitawafaa katika jambo hili hili.

Dada, anza kwa kupima. Chukua aya mbili za kitabu cha sayansi zenye ugumu unaolingana. Ya kwanza aisome mwenyewe, kisha akueleze kwa Kiswahili alichoelewa; ya pili aisikilize, kisha akueleze vilevile. Akieleza vizuri ile aliyoisikiliza na kukwama kwenye ile aliyoisoma, kizuizi kikubwa kiko kwenye kusoma maneno, na sauti itamsaidia sana. Akikwama kwenye zote mbili, huenda ni msamiati au uelewa wa lugha, na hapo kuongeza sauti peke yake hakutoshi. Waeleze walimu wake.

Kwa kitabu cha shule, tumia sauti ya kompyuta inayotia rangi neno linalosomwa. Katika kivinjari cha Edge, fungua ukurasa na ubonyeze `Ctrl+Shift+U`. Punguza mwendo kidogo tu, kwa sababu sauti iliyovutwa mno huharibu matamshi. Kaa naye siku za mwanzo, simamisha sauti ghafla na umwombe aonyeshe kwa kidole neno la mwisho lililosomwa. Asipolipata, macho yameacha ukurasa na anasikiliza tu. Hilo si kosa kwa hadithi ya kujiburudisha, ambayo msomaji binadamu huisoma vizuri zaidi, nayo mnaweza kuiazima bure kwa kadi ya maktaba kupitia programu ya Libby.

Ukiona sauti haitoki kabisa, jaribu kuchagua maneno kwa kipanya. Yasipochagulika, mwalimu amewatumia picha ya karatasi, na inafaa kumwomba faili lenye maandishi halisi. Vitabu vyenye maandishi ya namna hiyo vinapatikana kwenye maktaba ya mtandaoni ya Bookshare, ambayo ni bure kwa wanafunzi wa Marekani wenye disleksia, mradi mtaalamu anayetambuliwa, kama vile mwalimu wa elimu maalumu, athibitishe hali ya mtoto.

Kutoka: shangazi, Ottawa

Nashukuru kwa maelezo haya, kwani baba yangu mzee macho yamefifia na anapenda sana magazeti ya nyumbani. Je, hiyo sauti inasoma Kiswahili, au itatamka kama Mzungu?

Kutoka: mwalimu wa elimu maalumu, Minneapolis

Shikamoo shangazi. Sauti ya Kiingereza itaharibu kila neno, lakini Edge ina sauti za Kiswahili. Katika orodha ya sauti tafuta Rehema au Daudi wa Tanzania, ama Zuri au Rafiki wa Kenya. Kompyuta inahitaji kuwa kwenye mtandao.

Kutoka: mzazi, Columbus, Ohio

Mwalimu, nimefanya kipimo. Aya aliyoisoma ilihusu mvuke, na alichokumbuka ni neno "maji" tu. Ile ya mawingu aliyoisikiliza aliieleza mwanzo hadi mwisho kwa Kiswahili, akaniuliza kwa nini mawingu mengine hayaleti mvua. Sasa shule inasema kwamba kwenye mtihani wa jimbo hatasomewa sehemu ya kusoma. Je, tunamzoesha kitu atakachonyang'anywa?

Kutoka: mwalimu wa elimu maalumu, Minneapolis

Sehemu ya kusoma hupima kusoma kwenyewe, ndiyo maana majimbo mengi hubana msaada wa kusomewa humo, ilhali kwenye hesabu na sayansi huwa rahisi zaidi kuruhusiwa. Ombeni msaada huo uandikwe kwenye IEP, yaani mpango wake binafsi wa elimu maalumu, somo kwa somo, kwa sababu usioandikwa ni rahisi kukataliwa. Kuhusu Ohio hasa, ningependa mzazi aliyekwisha kukaa kwenye kikao cha huko atuandikie.

Kutoka: kaka, Houston

Mimi bado nina wasiwasi kwamba mtoto atachagua njia nyepesi kila mara. Dada, tujulishe baada ya muhula kama kasi yake ya kusoma peke yake imepanda au imebaki pale pale.