Mteja ananiagiza kazi saa sita usiku kila programu, na hasara ya 7,200 anataka niibebe mimi

MchoraWaTudor

Nina hasira na naandika nikiwa nazo. Mimi nachora menyu, mabango na kadi, nafanyia kazi nyumbani Tudor, Mombasa. Mteja wangu ni mama mwenye mkahawa upande wa Nyali. Ni rika la mamangu mzazi, namwamkia shikamoo, naye ananiita mwanangu. Kazi yenyewe si kubwa: menyu ya futari, kurasa mbili, nakala 60 za laminesheni. Tulikubaliana 18,000 za uchoraji, nusu mbele, na pesa ya chapa atoe yeye. Nusu ya kwanza alilipa. 9,000 bado namdai.

Siku tisa hizi sijapumua. Jana nimekaa nikahesabu: jumbe 41, na 29 kati yake zimekuja baada ya saa 2 usiku au kabla ya saa 1 asubuhi. Wala haziji mahali pamoja. Picha ya sambusa imekuja WhatsApp, bei ya sharubati Instagram, jina la mkahawa liandikweje kwa SMS. Kuna ujumbe wa sauti wa dakika tatu na nusu ambao kaimati zimetajwa sekunde kumi tu, kwingine kote ni habari za mpishi aliyeacha kazi. Nisipomjibu upesi WhatsApp anahamia Instagram, kwenye ukurasa ninaoonyeshea kazi zangu, ambao naweza kukaa siku mbili sijaufungua.

Sasa sikilizeni. Jumanne saa 11:45 jioni nilimtumia PDF ya mwisho. Saa 12:10 akajibu WhatsApp: "Sawa mwanangu, peleka chapa." Nikaipeleka. Saa 5:40 usiku uleule akatuma sauti Instagram kwamba biriani ya mbuzi si 650 tena, ni 750, nyama imepanda bei. Nimeusikia ujumbe huo Alhamisi adhuhuri, menyu zote 60 zishatoka, 120 kila moja, jumla 7,200. Nimempigia, ananiambia "nilikwambia mapema". Anataka nichapishe upya kwa pesa yangu!

Na si kwamba sikujaribu. Wiki iliyopita nilisajili laini ya pili, nikaweka WhatsApp Business na ule ujumbe unaojituma wenyewe nje ya saa za kazi. Haukumfikia hata mara moja. Mtu mzima kama huyu unamwekeaje saa na mlango mmoja wa kuagizia bila kumvunjia heshima? Na hizi 7,200 ni za nani?

BamburiKwetu

Mzuie kote, WhatsApp, Instagram, simu. Amani kwanza.

MchoraWaTudor

Nikimzuia, 9,000 zangu nitazidai kwa nani? Na mkahawa wake ndio umeniletea wateja wengine watatu.

MkweliDaima

Dada, Kenya kuna sheria ya haki ya kutojibu jumbe za kazi baada ya saa za kazi. Mwambie utamshtaki, atanyamaza.

JirikiMkomani

Na mumeo haulizi ni nani huyo anayekutumia sauti saa sita usiku?

MchoraWaTudor

Soma uzi kabla ya kujibu. Mteja ni mama mtu mzima.

WakalaKilindini

Mimi ni wakala wa forodha, nakwambia ukweli kutoka upande wangu. Bandari inafanya kazi saa 24. Mwenye kontena akiniandikia saa 9 usiku kwamba hati imekosewa uzani, nikisubiri asubuhi huenda gari likakosa zamu na gharama za kuhifadhi mzigo zikaanza kuhesabiwa. Kwangu mimi saa za kazi hazina maana. Ila mlango ni mmoja: hati zote zinakuja baruapepe, kila mzigo na uzi wake wenye namba ya kontena. Zamani nilipokea namba za kontena kwa sauti. Siku moja 6 ikasikika 9. Tangu siku hiyo, sauti nasikiliza lakini siifanyii kazi mpaka iandikwe.

Halafu nikuulize dada, na usikasirike. Ile bei ya sharubati iliyokuja Instagram, uliibadilisha?

MchoraWaTudor

Niliibadilisha. Nilimjibu hukohuko, tena saa 4 usiku.

WakalaKilindini

Basi 7,200 si zake peke yake. Ulimwonyesha kwamba Instagram ni mlango.

FundiChapa

Nina miaka 16 kwenye chapa, na menyu nilizozitupa kwa sababu kama hii zingejaza chumba. Kwanza nimjibu MkweliDaima. Ule ni mswada ulioletwa Seneti mwaka 2022, na mswada si sheria. Tena unamhusu mwajiri na mwajiriwa wake. Hata Ufaransa, ambako sheria ya namna hiyo ilianza kutumika Januari 2017, inawahusu walioajiriwa. Mchora kazi ana mteja, hana bosi. Kinachomlinda ni yale aliyopatana na mteja wake, na humu sioni kama walipatana lolote kuhusu saa wala mahali pa kuagizia.

Sasa dada, huo ujumbe wa kujituma. Usiku unazima data?

MchoraWaTudor

Nazima. La sivyo simu hailali.

FundiChapa

Ndipo ulipokwama. Ujumbe ule unatumwa na simu yako, na simu isiyo na intaneti haitumi kitu. Acha data iwake. Nenda `Business tools`, `Away message`, chagua `Outside of business hours`, na kwenye wapokeaji weka `Everyone`, maana kuna chaguo la kuwatumia wasiokuwa kwenye orodha yako ya majina tu, na mama bila shaka umemhifadhi. Kisha gumzo lake linyamazishe kwa `Always`. Atajibiwa na wewe hutasikia mlio.

Maneno yenyewe yawe ya mtu, usiandike "tumefunga". Mimi nimeandika hivi: "Shikamoo. Nimeupokea ujumbe wako, nitausikiliza saa 3 asubuhi. Kama kazi iko mtamboni na kuna kosa, nipigie simu." Sentensi ya mwisho ndiyo ya maana. Mtu anaandika usiku kwa sababu anaogopa kusahau. Mpe pa kuweka neno lake, na mpe njia moja ya dharura. Kupiga simu saa sita usiku kuna haya yake, hatapiga kwa ajili ya kaimati. Lakini kama bei imekosewa na mtambo unaanza saa 2 asubuhi, atapiga, na wewe mwenyewe utataka apige.

Lakini hata ujumbe ule ungemfikia, menyu zingeharibika vilevile, kwa sababu alituma Instagram. Kuchelewa kulala kumekuudhi, ila hasara imeletwa na maagizo kukaa mahali patatu. Kuongea, mteja aongee popote, akusalimie popote. Linalobadilisha kazi lina makazi mamoja, na ni wewe wa kulipeleka huko, usimngoje yeye. Likija Instagram usilijibu kule. Nenda WhatsApp ya kazi uandike: "Mama, nimepata sauti yako ya Instagram: kaimati zitoke. Niandikie ndiyo hapa nibadilishe." Baada ya mara nne tano atazoea kwamba kule halitokei jambo. Ulipomjibu kule saa 4 usiku ulimpa saa na mlango kwa pamoja.

La pili, faili ipe namba. "Sawa peleka" ni sawa ya ipi? Mimi naandika `menyu_v3.pdf`, na mteja ananijibu "v3 ipigwe chapa". Chini yake nampa saa: mabadiliko mwisho saa 10 jioni, baada ya hapo kazi inaingia mtamboni na kila badiliko ni chapa mpya kwa gharama yake. Nenda pia kwenye gumzo lake uangalie kama kumewashwa jumbe zinazofutika. Kuna za saa 24, siku 7 na siku 90. Nilishawahi kugombana na mteja, nikafungua nimwonyeshe idhini yake, haipo, siku 7 zimepita. Siku hizi idhini naipiga picha ya skrini siku ileile.

MchoraWaTudor

Nimeangalia sasa hivi. Zimewashwa, siku 7. Sijui ni yeye au mjukuu wake aliyewasha. Ile "peleka chapa" ina siku nne, bado ipo. Nimeipiga picha.

FundiChapa

Alhamdulillahi. Sasa usimtumie hiyo picha kwa hasira. Na mambo haya usimwambie kwa ujumbe, mtu mzima akisomewa masharti kwenye simu anaona umempandia kichwani. Nenda mchana, ukae, unywe alichokupa, kisha uyaseme. Kuhusu 7,200, mimi naona ni zake, idhini aliiandika. WakalaKilindini anaona mgawane, na siwezi kusema hana hoja. Ila kabla ya kuchapisha upya, uliza bei ya stika. Stika 60 ndogo za "750" juu ya laminesheni zinashika vizuri ukifuta mafuta kwanza, na ni pesa kidogo sana mbele ya 7,200.

PwaniMama

Nami nina mkahawa, mdogo lakini ni mkahawa. Mnamsema sana huyu mama. Mchana niko jikoni, mikono ina unga. Nikifunga nikahesabu mauzo ni saa 5, na hapo ndipo najua nyama imekula faida yote. Sitaki mtu anijibu saa hizo. Nataka tu nijue imefika.

MchoraWaTudor

Nimerudi, siku mbili baadaye. Nilivuka Daraja la Nyali jana saa 4 asubuhi, nikamkuta anapanga viti. PwaniMama, aliyoniambia ni yaleyale yako. Amesema hakujua kama Instagram na WhatsApp kwangu ni vitu mbalimbali, kwake zote ni "simu ya mwanangu". Hapo hasira zangu nusu zilitoka.

Nimemhifadhia namba ya kazi kwenye simu yake kwa jina "Menyu". Tumepatana atume sauti saa yoyote hapo, mimi nisikilize saa 3, niandike nilichosikia, yeye aseme ndiyo. Zile zinazofutika nimezizima mbele yake. Kazi ikiwa mtamboni, apige simu. Stika amezikubali na amezilipa yeye.

Jana usiku saa 5:20 amenitumia sauti kwenye namba ya kazi, akajibiwa, akanyamaza. Saa 5:50 akatuma nyingine Instagram. Asubuhi nimeihamisha kama nilivyoelekezwa, sijamjibu kule.

Zile 7,200 nilimlipa mpiga chapa kutoka mfukoni mwangu, na mama hajasema atanirudishia. Nilipomuuliza alisema "tutaangalia mwanangu, Ramadhani ipite". 9,000 pia hajalipa. Aliyewahi kudai mtu mzima wa heshima namna hii aniambie alianzaje, maana picha ya ile idhini ninayo mkononi na bado siwezi kumtumia.