Naomba ushauri: narekodi mahojiano kwa simu, sauti yangu inanguruma, ya mzee kama yuko kisimani

Binti_Ilazo
Habari za jioni wakuu. Niko Dodoma, naandaa kipindi kifupi cha redio ya jamii kuhusu kilimo cha zabibu. Kuna mzee mmoja wa Mpunguzi ameanza kulima zabibu kabla mimi sijazaliwa, ana mambo mengi kichwani, ila kumfuata kila mara siwezi. Kwa hiyo naongea naye kwa simu. Yeye ana kitochi.

Mara ya kwanza niliwasha programu ya kurekodi kwenye simu ileile niliyopigia. Nikapata dakika 22 za ukimya, hata sauti yangu haimo. Mara ya pili nikaweka laudispika, nikalaza simu ya mdogo wangu pembeni irekodi. Hapo mimi nasikika kama nahutubia Jamhuri, mzee yuko mbali, na kibaya zaidi anakatikakatika maneno.

Nataka sauti zote mbili zisikike vizuri kwenye faili moja, sina hela ya vifaa vya studio. La pili, mzee hajui kama namrekodi. Nilipanga kumwambia mwishoni ili asiwe na woga. Kuna tatizo?

Kijana_Nkuhungu
Dada pakua programu ya kurekodi simu, ziko nyingi, inarekodi pande zote. Mimi natumia tangu 2017. Na kuhusu kumwambia usihangaike, simu ni yako, vocha ni yako, unarekodi unachotaka.

Fundi_Mitambo
Kijana, hiyo ya 2017 ilikuwa kweli kwa 2017. Kuanzia Android 9 programu za kawaida zilizibiwa njia ya kuchukua sauti ya simu yenyewe, na Mei 2022 Google wakafunga kichochoro cha mwisho kwa programu zilizoko kwenye duka lao. Ndiyo maana dada kapata ukimya: simu ikiwa kwenye maongezi, maiki ni ya maongezi, programu nyingine inapewa faili tupu. Zilizobaki ni zile zilizokuja na simu kutoka kiwandani. Kama simu yako ina kitufe cha kurekodi pale unapoongea, kijaribu kwanza, ila nyingi zitamtangazia mzee kwamba anarekodiwa.

Sasa tatizo la kukatikakatika. Binti, unapomsikiliza mtu mzima huwa unaitikia, si ndiyo? "Eeh… ndiyo babu… eeh." Simu ikiwa laudispika inajikinga isimrudishie mzee sauti yake mwenyewe, kwa hiyo kila ukiitikia inapunguza spika. Hiyo "eeh" yako ndiyo inayomkata. Ukinyamaza kabisa utaona neno halikatiki, lakini mzee wa Kigogo ukimnyamazia dakika nzima atadhani simu imekata.

Achana na laudispika. Tafuta maiki ndogo ya waya, ile ya kubana kwenye kola, uichomeke kwenye simu ya mdogo wako. Kile kichwa chake kibandike kwa plasta ya kidonda kwenye mdomo wa sikio lako, kisha weka simu ya maongezi sikioni juu yake kama kawaida. Maiki inamsikia mzee kutoka kwenye kispika cha sikio, na inakusikia wewe kupitia hewani maana mdomo wako uko sentimita 12 hivi kutoka hapo. Sauti mbili, maiki moja, faili moja. Waandishi wa habari walikuwa wanafanya hivi enzi za simu za mezani.

Mpangaji_Mwema
Umenigusa hapa. Mwenye nyumba wangu aliniambia kwa simu kwamba nisilipe miezi miwili kwa sababu nilitengeneza choo kwa hela yangu. Sasa anakana. Ningekuwa na hiyo maiki ya sikioni ningemmaliza. Je, nikimpigia sasa nikamrekodi kimyakimya akikiri, baraza la kata wataikubali?

Binti_Ilazo
Fundi ahsante sana, sikuwahi kufikiria hiyo "eeh". Maiki ya kola ninayo. Kesho najaribu na dada yangu kwanza.

Fundi_Mitambo
Ukijaribu, zingatia mambo mawili. Simu inayorekodi iweke kwenye hali ya ndege, maana mtu akikupigia katikati rekodi inaweza kusimama usijue. Pia waya wa maiki usiuzungushe kwenye simu ya maongezi. Mtandao ukishuka hadi 2G, utasikia "tititi tititi drrrr" imeingia kwenye rekodi, kama ile ya redio ya daladala simu inapokaribia kuita. Hiyo haitoki hata umpelekee fundi gani. Pitisha waya nyuma ya shingo utokee upande wa pili.

Mwambie dada yako ahesabu moja mpaka kumi kwa sauti ya kawaida, na wewe uhesabu. Usikilize kwa iyafoni, siyo kwa spika ya simu.

Karani_Chamwino
Naomba kuingia kwenye swali la pili, limepitwa haraka.

Kijana, "vocha ni yangu" haitoshi. Katiba ibara ya 16 inalinda faragha ya mtu pamoja na mawasiliano yake binafsi. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, kifungu cha 120, inakataza kunasa mawasiliano bila mamlaka halali. Ni kweli mtu anaweza kusema kifungu kile kinamlenga wa tatu anayedukua, siyo wewe uliye ndani ya maongezi, na kuna wanasheria wanaobishana hapo. Lakini Binti harekodi kwa ajili ya kukumbuka bei ya mbolea. Anarekodi ili akarushe hewani. Sauti ya mzee, jina lake na kijiji chake ni taarifa binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu tarehe 1 Mei 2023. Mwenye taarifa anatakiwa ajue zinachukuliwa kwa kazi gani, kabla hazijachukuliwa.

Kwa hiyo kumwambia mwishoni siyo ridhaa. Hapo ameshasema yote, na kukataa mbele ya mjukuu aliyemheshimu saa nzima ni kugumu.

Binti_Ilazo
Nimekuelewa. Ila akijua atabadilika, ataanza kuongea kama mgeni rasmi.

Karani_Chamwino
Dakika tano za kwanza tu. Mpigie siku moja kabla bila kurekodi, umweleze ni redio gani, itarushwa lini, na kwamba akitaka jina lake lisitajwe inawezekana. Siku yenyewe ukishawasha, rudia kwa maneno machache: "Babu, sasa nimeanza kurekodi kwa ajili ya kile kipindi, unakubali?" Jibu lake libaki ndani ya faili. Halafu muulize jambo jepesi kwanza, mvua za mwaka huu au wajukuu.

Mpangaji, lako ni tofauti. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, haikatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki, ila wanaangalia ulivyotengenezwa, ulivyotunzwa na kama unaaminika. Kama uliupata kwa kumtega, jiandae kubishiwa. Mimi ningemtumia ujumbe wa maandishi: "Mzee, kama tulivyokubaliana kuhusu choo…" nikaona anajibu nini.

Mpangaji_Mwema
Ameshaniblok.

Shemeji_wa_Mjerumani
Nami niongeze kwa wanaoongea na watu wa nje. Shemeji yangu yuko Ujerumani, kule kurekodi maongezi ya faragha ya mtu bila idhini yake ni kosa la jinai kabisa, siyo la kudaiwa tu. Alinikoromea siku nilipomwambia nimemrekodi, nikadhani ananionea.

Mama_Kikuyu
Si amwambie tu mzee atume sauti kwa WhatsApp? Mbona mnazunguka.

Binti_Ilazo
Mama, babu ana kitochi. Ila mjukuu wake huwa anakuja Jumamosi na simu janja.

Fundi_Mitambo
Mama Kikuyu hajasoma swali lakini kafungua mlango. Jumamosi mjukuu alaze simu yake mezani mbele ya mzee, shubiri mbili hivi, irekodi huku mzee anaongea na wewe kwa kitochi. Maongezi ya simu ya kawaida yanapitisha sauti kati ya hertzi 300 na 3,400 tu, ndiyo maana kila mtu anasikika kama yuko ndani ya kopo. Rekodi ya mjukuu haipiti kwenye mtandao, kwa hiyo itakuwa na kifua chote cha mzee. Kazi yake ni kuja kuunganisha faili mbili baadaye, na ukisubiri mjukuu akutumie unaweza kusubiri hadi mavuno ya Agosti. Rekodi ya sikioni ifanye hata hivyo.

Binti_Ilazo
Mrejesho wakuu. Nimejaribu na dada mara tatu. Ya kwanza nilipandisha sauti ya simu mpaka mwisho nikidhani ndiyo dawa, dada akawa anakwaruza kwenye kila "s". Ya pili nikashusha vitufe vitatu, mkwaruzo ukaisha, ila mimi bado niko juu yake. Ya tatu nikaibana simu zaidi sikioni na kuongea polepole kidogo. Nikaifungua kwenye Audacity, mawimbi yangu yamezidi yake kama mara mbili. Je, nirudie?

Fundi_Mitambo
Hapana, hapo umefika. Mkwaruzo hautibiki, tofauti ya ukubwa inatibika. Chagua zile sehemu unazoongea wewe, nenda `Effect`, kisha `Volume and Compression`, kisha `Amplify`, andika `-6` kwenye `dB`. Hiyo inapunguza mawimbi kwa nusu, mtakuwa sawa. Ila pale mnapoongea kwa pamoja usiguse, maana mko kwenye faili moja, ukimshusha mmoja mnashuka wote. Ndiyo gharama ya njia hii. Faili halisi liache kama lilivyo, fanya kazi kwenye nakala.

Karani_Chamwino
Na hilo halisi ndilo lenye "ndiyo nakubali" ya mzee. Usilifute hata kama kipindi kimeisha.

Binti_Ilazo
Nimeongea na babu leo asubuhi. Nilipomwambia narekodi akauliza, "Na mke wangu atanisikia?" Nikamwambia atakusikia. Akacheka, akakubali, na kweli baada ya swali la mvua alisahau kabisa. Sauti iko safi, dakika 31. "Eeh" zangu zimo zote na hakukatika.

Sasa nina jipya. Dakika ya 19 amemtaja mnunuzi mmoja kwa jina, kwamba alichukua zabibu za msimu mzima na hajalipa. Yeye amenipa ridhaa yake. Huyo mnunuzi hajanipa.

Kijana_Nkuhungu
Rusha, alipe.

Karani_Chamwino
Usirushe hivyo. Babu anaweza kuridhia maneno yake, hawezi kuridhia jina la mtu mwingine. Ama ukate jina, ama umpigie mnunuzi naye aseme lake.

Fundi_Mitambo
Na ukikata, kata kwenye pumzi, siyo katikati ya neno. Watu wa Mpunguzi watamjua tu hata hivyo, hilo sijui Karani analionaje.

Karani_Chamwino
Hilo ndilo linalonisumbua pia. Wanunuzi wakubwa pale wako wangapi, Binti?

Binti_Ilazo
Wawili.