Kaka ana VVU, kumeza kunamuuma: fangasi au kidonda cha kidonge?

Salaam, ndugu zangu. Niko Malindi na kaka yangu. Aliacha ARV, CD4 ikashuka hadi 64. Sasa kila akimeza anaumwa katikati ya kifua. Jana kijiko cha uji kilimtoa machozi. Ulimi una utando mweupe, hivyo daktari akaona ni fangasi wa umio, akampa flukonazoli miligramu 200 kwa siku, akasema nafuu ionekane ndani ya wiki. Leo siku ya nane, wapi!

Nimekumbuka jambo: alikuwa akimeza antibiotiki ya doksisaiklini usiku kwa funda moja la maji, kisha analala. Maumivu yalianza ghafla alfajiri moja. Kiungulia hana. Tuikatize doksisaiklini? Au tudai kipimo cha kamera ya umio kwanza?