Chemli au mshumaa kwenye chumba cha mtoto mchanga, umeme ukikatika?

MamaK_Uyole

Habari za jioni wadau, na wakubwa wote shikamooni.

Niko Uyole hapa Mbeya, nimepanga chumba na sebule ndogo. Nina mtoto wa miezi miwili na nusu. Umeme wa mtaani kwetu unakatika jioni, mara nyingi unarudi usiku wa manane au asubuhi kabisa. Na baridi la Uyole mwezi wa saba mnalijua, dirisha nimeziba na chini ya mlango nasokomeza kanga kuukuu.

Mwanzoni nilikuwa nawasha mshumaa. Naugandisha kwenye kifuniko cha ndoo, naweka juu ya stuli pembeni ya kitanda ili nikiamka kunyonyesha nione. Mama mkwe alipokuja kutoka Tukuyu kunihudumia uzazi akasema mshumaa utatuunguza, akaenda Mwanjelwa akanunua chemli. Usiku tunashusha utambi mpaka kabaki kamwanga tu, inawaka hadi kunakucha.

Sasa asubuhi nikimsafisha mtoto pua, kitambaa kinatoka na weusi. Tena ana kikohozi kidogo. Baba yake anasema ni vumbi la barabarani. Naomba kujua, kati ya chemli na mshumaa kipi salama? Na kikae umbali gani na kitanda? Mtoto analala nami ndani ya chandarua.

Kijana_wa_Mafiat

Hili suala la umeme tumelisema sana na hakuna anayesikia. Jana tu saluni yetu imefungwa mchana kutwa, wateja wamekaa na dawa kichwani. Dada andika barua ofisi ya mtaa, tuko nyuma yako.

MamaK_Uyole

Asante kaka, ila mimi nauliza taa ya kuweka kwa mtoto.

Fundi_Iyunga

Chemli siyo koroboi. Koroboi moto uko uchi, moshi wote unaingia chumbani. Chemli ina kioo, hewa inapita vizuri, moto unawaka safi. Ukiona weusi ujue utambi haujakatwa. Toa utambi, kata kwa mkasi mkali unyooke, kisha punguza ncha za pembeni kidogo tu. Uache ulowane mafuta dakika kadhaa kabla ya kuwasha. Safisha kioo kwa gazeti. Halafu shusha moto uwe mdogo kabisa, moshi nao unapungua. Lala salama.

Nesi_Mstaafu

Mama K, hongera kwa mtoto. Nimefanya kazi wodi na kliniki za watoto huku nyanda za juu miaka mingi, kwa hiyo vumilia maelezo.

Fundi amesema kweli juu ya kukata utambi. Hapo pa kushusha moto kabisa ndipo ninapompinga. Utambi ukishushwa sana unaendelea kuvuta mafuta, ila joto la ule moto mdogo halitoshi kuyaunguza yote. Yanapaa nusu mabichi. Ndiyo ile harufu kali ya mafuta ya taa unayoisikia ukiingia kwenye chumba ambacho chemli imekesha. Ukiupandisha sana nao, moto unatoa pembe na kioo kinakuwa cheusi. Chemli imetengenezwa iwake katikati, moto wa njano uliotulia, mbele ya mtu aliye macho. Kuikesha ikiwa imefifishwa kando ya mtoto ni kuitumia vibaya hata kama ni mpya.

Jaribu hivi leo. Chukua kisosi cheupe kikavu, kishike kwa koleo juu ya tundu la chemli kwa muda mfupi, kwanza moto ukiwa umetulia, kisha ukiwa umefifia, kisha ukiwa juu. Angalia kinachobaki kwenye kisosi. Tazama pia chandarua na ukuta upande wa taa. Vumbi la barabarani linaacha rangi ya udongo. Masizi yanaacha weusi unaopakaa kidoleni kama wa sufuria.

Kuhusu chemli au mshumaa, shida kubwa kwako siyo jina la taa. Shida ni kwamba moto unawaka kwa muda wa saa nane au tisa wakati wewe unauhitaji kwa dakika chache tu za kunyonyesha na kubadilisha nepi, na muda wote uliobaki hakuna aliye macho. Washa taa jioni sebuleni mkiwa macho. Ukienda kulala, izime. Weka tochi chini ya mto, ukiamka ielekeze ukutani au darini, mwanga unaorudi unatosha kumwona mtoto bila kumpiga machoni. Hata simu ya batani yenye tochi inafaa.

Ngosha_Mafinga

Nesi kasema kweli kuhusu kulala na moto. Mimi naongezea upande wa mshumaa kwa sababu nimeshuhudia kwa jirani. Mshumaa ulikuwa kwenye kifuniko cha plastiki kama huo wako. Unapokuwa mrefu hakuna shida. Ukifika mwisho utambi unalalia kwenye nta iliyoyeyuka, plastiki inalainika, mara kifuniko chenyewe kinashika moto. Upepo mdogo wa mlango ukapeperusha chandarua kikagusa. Chandarua hakiungui kama khanga ya pamba. Kinayeyuka na kudondosha matone yanayoganda kwenye ngozi. Walimtoa mtoto, lakini mama ana makovu mkononi hadi leo.

Ukilazimika kuwasha mshumaa ukiwa macho, jaza mchanga kwenye kopo la bati au sufuria chakavu, usimike humo. Ukianguka unaangukia mchanga.

Babu_wa_Makete

Wajukuu mnaogopa kila kitu. Sisi tumekulia kwenye moshi, tukalelewa na koroboi na tukasoma nayo. Baridi ya Makete ukiijua huulizi mambo ya chemli. Kijijini tunaingiza jiko la mkaa ndani, mkaa ukishakolea na moshi kuisha, chumba kinapata joto mtoto analala fofofo. Huyo mtoto anakohoa baridi.

Nesi_Mstaafu

Shikamoo babu. Kwa heshima zote, hilo la jiko nakuomba usiliendeleze, na wewe Mama K usilijaribu hata usiku mmoja.

Mkaa uliokolea hauna moshi wala harufu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyoonekana. Inashika damu mahali ambapo oksijeni ingeshika. Mtu mzima anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu, miguu inalegea. Mtoto mchanga hasemi kichwa kinamuuma. Analegea tu na kulala, na wewe unafurahi kwamba leo amelala fofofo. Halafu chumba chenye dirisha lililozibwa na kanga chini ya mlango hakina pa kutolea hiyo hewa. Chemli inayowaka vizuri inatoa kidogo mno ukilinganisha na jiko, lakini nayo inatoa, na inakula hewa ya chumba hichohicho. Kwa hiyo kama kuna moto wowote ndani, dirisha liachwe wazi upana wa kiganja upande wa juu na kanga ya mlangoni itolewe. Kwa jiko hata hilo dirisha halitoshi.

Joto la mtoto tafuta kwingine. Mvalishe kofia na soksi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi mkiwa macho mfunikwe blanketi. Kitanda unaweza kukipasha kwa chupa ya maji moto iliyofungwa vizuri, kisha uitoe kabla hujamlaza.

Kikohozi siwezi kukwambia kwa kuandika kama ni masizi au mafua. Mtoto akiwa ametulia, hanyonyi wala halii, funua kifua uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa umri wake zikifika 50 au zaidi, au kifua kinabonyea kwa chini kila akivuta hewa, au amekataa kunyonya, usisubiri asubuhi. Zikiwa chini ya hapo na ananyonya vizuri, mpeleke kliniki kesho kwa utaratibu na uwaambie habari ya taa.

MamaK_Uyole

Asante sana dada nesi, ndaga fijo kama asemavyo mama mkwe.

Nimehesabu mara mbili, 42 na 44, ananyonya vizuri. Kesho tunakwenda kliniki. Kisosi nimejaribu mbele ya mama. Moto ukiwa juu kilitoka cheusi kabisa. Moto wa katikati karibu hakuna kitu. Uliofifia weusi ulikuwa kidogo tu, lakini harufu imejaa chumba kizima na macho yakawasha. Mama anasema weusi ni mdogo kwa hiyo yeye yuko sahihi. Baba K amehamia upande wangu kwa sababu ya harufu. Hatujakubaliana.

Swali jingine, mafuta ya akiba naweka kwenye chupa ya maji ya kunywa nyuma ya mlango. Kuna shida?

Nesi_Mstaafu

Muulize mama kama masizi ya sufuria pekee ndiyo yanayodhuru. Harufu inayowasha macho yake ndiyo anayovuta mtoto, na mtoto anapumua mara nyingi zaidi yake kwa dakika.

Chupa ya maji hapana. Wako hajaanza kutambaa, lakini watoto wa majirani wanaingia. Mtoto akinywa mafuta ya taa, hatari kubwa ni kuingia kwenye mapafu. Asitapishwe, asimiminiwe maziwa mdomoni, akimbizwe hospitali. Weka kwenye dumu lenye kifuniko cha kukaza, juu, nje ya chumba cha kulala.

Fundi_Iyunga

Nimekubali hilo la harufu. Na mafuta nunua kituoni, siyo ya vichupa vya mtaani. Yakichanganywa na petroli kidogo tu, chemli inaweza kulipuka. Ukiona moto unarukaruka na tangi la chini linapata moto kuliko kawaida, ipeleke nje bila kuitikisa. Usijaze tangi hadi mdomoni, na usiongeze mafuta taa ikiwaka au ikiwa bado ya moto.

Dada_wa_Ilomba

Mbona hamtaji vile vimishumaa bandia vya betri? Vinauzwa bei rahisi, havina moto wala moshi.

Nesi_Mstaafu

Vinafaa kwa mwanga, ila geuza uangalie chini. Vingi vina betri bapa kama kitufe, na kifuniko chake kinafunguka kwa ukucha. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaunguza ndani kwa muda wa saa mbili tu. Chukua chenye kifuniko cha skrubu, au cha betri za kawaida za tochi.

Kijana_wa_Mafiat

Sasa nimeelewa swali, samahani dada. Mimi natumia balbu ya kuchaji. Inachomekwa kwenye soketi ileile ya taa, umeme ukikatika inaendelea kuwaka yenyewe. Mpya inakaa saa tatu nne, ikizeeka haifiki hata moja.

MamaK_Uyole

Hiyo nitaitafuta mwisho wa mwezi. Na taa za sola je? Uyole wiki hizi ukungu mpaka saa nne, jua lenyewe la kubahatisha. Kuna mtu wa huku anayo inayojaa?

Ngosha_Mafinga

Ya kwangu kwenye mawingu inajaa nusu, inanitosha kwa kunyonyesha ila siyo kukesha. Ukungu wa Uyole siujui. Aliyeko Uyole au Igawilo aseme.