Saa imeandika "Sinus Rhythm" kila nikipima. Bado kuna haja ya ECG ya hospitali?

Mpasuambao
Wakuu habari za jioni. Naomba wenye uelewa wa mambo ya moyo wanisaidie. Shemeji yangu aliyeko Muscat amenunua saa mpya, ya zamani akaniachia mimi, ni Apple Watch. Ina kipimo cha ECG. Unaweka kidole cha mkono wa pili kwenye kile kifundo cha pembeni, unatulia sekunde 30, inakuchorea mapigo. Nina miaka 51, presha ninayo kidogo ila si ya kutisha. Wiki hii nimepima mara nyingi na kila mara inaandika Sinus Rhythm. Picha ya mchoro hiyo hapo chini. Swali langu ni moja: kwa matokeo haya, bado kuna haja ya kulipia ECG ya hospitali au ni kitu kilekile? Jumapili alfajiri naenda Mafinga kupakia mbao, sitaki kupoteza siku kwenye foleni.

Kijiko Kirefu
Shemeji yako kakupa saa, wa kwangu kaniachia deni la Vicoba. Una bahati mkuu.

BabaJuni
Hivyo ni vifaa vya mazoezi tu. ECG ya kweli wanakubandika vitu kifua kizima mpaka miguuni. Hiyo yako inashika mkono na kidole, itaona nini? Picha tu za kufurahisha macho. Vua, uza, nunua mbao.

MamaNasra
BabaJuni usiseme hivyo. Mama yangu alikuwa na mapigo ya kushtuka usiku, anasema moyo unakimbia bila mpangilio halafu unatulia wenyewe. Tulimpeleka hospitali, ECG ikatoka safi kwa sababu tulipofika moyo ulikuwa umeshatulia. Tukapeleka tena, safi. Mdogo wangu akamwazima saa yake, tukamfundisha mama: ukianza tu, weka kidole. Usiku mmoja ikaandika Atrial Fibrillation. Tukatoa ile PDF kwenye simu tukampelekea daktari, akaiangalia mwenyewe mstari kwa mstari, akasema ndiyo yenyewe. Sasa hivi yuko kwenye dawa ya kuzuia damu kuganda, maana alituambia hali ile inaweza kuleta kiharusi. Kwa hiyo hizo saa zinaona.

Mzee wa Pweza
Samahani, hiyo saa bei gani used? Na inakubali simu za Android?

Napiga ECG
Hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, nawabandika watu elektrodi hospitali ya mkoa. BabaJuni, kipimo cha saa si picha ya kufurahisha. Kinapima umeme halisi wa moyo kati ya mkono mmoja na mwingine. Na kwa kisa cha mama yake Nasra ndipo kinapofaa kabisa: mapigo yasiyo na mpangilio yanayokuja na kupotea kabla hujafika hospitali.

Lakini Mpasuambao, kabla sijakujibu, nijibu wewe. Mtu mzima hapimi moyo mara nyingi ndani ya wiki moja bila sababu. Ulianza kupima kwa nini?

Mpasuambao
Udadisi tu kaka. Kifaa kipya.

Napiga ECG
Moyo unaenda mbio? Unaruka pigo? Unapata kizunguzungu?

Mpasuambao
Hapana, mbio haiendi. Mapigo yako sawasawa kabisa, 70 na kitu. Ndiyo maana nauliza.

Mchungaji Mtarajiwa
Ndugu, hata kama hujasema, wafanyabiashara wa mbao nawajua. Nyama choma kila jioni, bia, usingizi wa saa nne. Moyo hauna spea. Punguza chumvi, mrudie Mungu, hizo saa ni ishara ya kutafuta amani pasipo na amani.

Mpasuambao
Mchungaji, bia niliacha 2019.

MamaNasra
Kaka yangu, aliyekuuliza amekuuliza vizuri na wewe unakwepa. Kifua je? Unapumua vizuri?

Mpasuambao
Haya. Kifua kinabana kidogo. Mwanzo ilikuwa nikipanda ngazi za ghala au nikinyanyua mbao na vijana, nikipumzika dakika chache kinaachia. Ni kama mwezi sasa. Ila tangu juzi kimebana hata nikiwa nimekaa ofisini, kikapanda mpaka kwenye taya la kushoto, na jasho jembamba. Nikapima na saa *palepale maumivu yakiwepo*. Ikaandika Sinus Rhythm. Sasa kama ni moyo, si ungeonyesha wakati unauma? Mimi nahisi ni gesi. Ninayo historia ya vidonda vya tumbo, nimeanza dawa za tumbo na naona nafuu. Na mzigo nimeshaulipia, Fuso imeshakodiwa.

Napiga ECG
Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo. Sasa nisome taratibu.

Sinus Rhythm maana yake ni kwamba pigo linaanzia mahali panapotakiwa juu ya moyo na linakuja kwa mpangilio. Basi. Hilo ndilo swali saa iliyoulizwa, na imejibu vizuri. Swali lako wewe ni lingine: je, damu inafika kwenye msuli wa moyo? Mshipa unaweza kuziba nusu au wote, na mapigo yakaendelea 70 na kitu kwa mpangilio mzuri. Watu wengi ninaowapiga ECG wakiwa kwenye shambulio la moyo lenyewe wana Sinus Rhythm. Kwa hiyo kuiona wakati kifua kinabana hakukuondolei chochote.

Utasema, basi nitazame umbo la mstari mwenyewe, nisitegemee maneno. Ukiweza kusoma, bado una upande mmoja tu. Kwenye PDF yako pameandikwa Lead I. Huo ni mtazamo kutoka bega la kushoto. Wewe ni mtu wa mbao, utanielewa: ni kukagua gogo upande mmoja wakati uozo uko upande uliolalia chini. Ya hospitali tunabandika elektrodi 10, tunapata mitazamo 12. Sehemu ya chini ya moyo inaonekana vizuri kwenye mitazamo inayotoka miguuni, sehemu ya mbele inaonekana kwenye zile za kifuani. Zote hizo saa yako haina. Na kwenye hiyohiyo programu, ulipoifungua mara ya kwanza, ilikuandikia kwamba haitafuti dalili za shambulio la moyo. Wengi tunabonyeza kuendelea bila kusoma.

Kifua kinachobana ukifanya kazi ni jambo moja. Kilichoanza kubana ukiwa umekaa, kikapanda taya, na jasho, ni jambo la dharura, hata kama sasa hivi kimetulia. Usingoje Jumapili, wala asubuhi. Nenda idara ya dharura leo, usiendeshe mwenyewe.

Mpasuambao
Nimekuelewa, lakini dawa za tumbo zimesaidia. Kama ni moyo zingesaidiaje?

Napiga ECG
Maumivu ya aina hiyo huja na kuondoka yenyewe. Yakiondoka baada ya kumeza kitu, utakisifu ulichomeza. Inaweza kweli kuwa tumbo, sikatai. Lakini hilo haliamuliwi na saa wala na mimi hapa.

Jicho la Mwewe
Wakuu msidanganyike. Nimeikuza hiyo picha. Mimi si daktari ila nilisoma uuguzi mwaka mmoja kabla ya kuacha. Angalieni: kwenye Lead I ule mruko mrefu wa kila pigo kwa kawaida unaelekea juu. Wa huyu jamaa unaelekea CHINI, na vilima vidogo vyote vimegeuka mashimo. Huo mchoro kaokota mahali, akauzungusha ili usitambulike. Mara saa ya Muscat, mara taya, mara Fuso. Wiki ijayo atakuja na "nimelazwa naombeni mchango". Tumeshaona nyuzi za hivi.

Kijiko Kirefu
Ndiyo maana nikasema shemeji gani huyo anatoa saa bure.

BabaJuni
Aaah kumbe. Mimi nilijua tangu mwanzo.

Mpasuambao
Nikitaka mchango nitaomba mchango. Picha ni yangu, imetoka kwenye simu yangu.

Napiga ECG
Jicho la Mwewe, umeona sawa, kweli mchoro umepinduka. Mimi niliangalia mpangilio wa mapigo nikapitiliza. Ila ungekuwa umezungushwa kwenye picha, maandishi na tarehe vingezunguka pia, na hapo vimesimama sawa. Mpasuambao, saa unavaa mkono gani?

Mpasuambao
Kulia. Wa kushoto una kovu la msumeno, mkanda unanikera.

Napiga ECG
Na aliyeiwasha kwa jina lako aliiambia utavaa mkono gani?

Mpasuambao
Kijana wangu ndiye aliyeiwasha. Subiri niangalie... Imeandikwa Left.

Napiga ECG
Ndiyo hiyo. Mtazamo huu unapatikana kwa kulinganisha umeme wa mkono wa kushoto na wa kulia. Ukiivaa kulia huku yenyewe inaamini iko kushoto, juu inakuwa chini, pigo zima linapinduka. Mpangilio haubadiliki, kwa hiyo bado itaandika Sinus Rhythm. Hata sisi mwanafunzi akibadilisha nyaya za mikono hutokea hivyohivyo. Kuna watu wachache waliozaliwa moyo ukiwa kulia ambao mchoro wao hutoka hivyo pia, lakini kwanza rekebisha mipangilio. Tena ona: mtu angetafuta dalili kwenye mchoro huo, angesoma kila kitu kinyume.

Haya ya mchoro tuyaache. Umeshatoka nyumbani?

Jicho la Mwewe
Kuhusu mkono nimeelewa. Kuhusu hadithi yenyewe bado sijaamini.

MamaNasra
Usiamini, lakini usimcheleweshe mtu mwenye maumivu ya kifua kwa ajili ya kujibu tuhuma zako.

Mpasuambao
Niko hospitali tangu usiku. Mke wangu ndiye aliyeusoma uzi huu, sikupewa nafasi ya kubishana. Wamenipiga ECG ya nyaya zote, daktari kasema haoni badiliko la wazi. Wamechukua damu, wanasema watachukua tena baada ya saa tatu. Sasa kama ECG kubwa nayo iko safi, si niliwaambia? Dereva wa Fuso anapiga simu kila dakika.

Napiga ECG
Hongera kwa kufika. Usiondoke. Hata ya mitazamo 12 inaweza kuwa safi mwanzoni, ndiyo maana wanairudia. Hiyo damu wanatafuta troponini, msuli wa moyo ukiumia huimwaga kwenye damu, lakini inachukua saa kadhaa kupanda. Kipimo cha kwanza peke yake hakitoshi, wanataka kuona kama cha pili kimepanda kuliko cha kwanza. Na hata visipopanda, waeleze neno kwa neno ulichotuandikia: ngazi, kisha kukaa, taya, jasho. Usianze kwa kuwaambia "gesi". Huko mbele kunaweza kuwa na vipimo vingine, hilo ni lao kuamua.

Mpasuambao
Nimewaambia kuhusu taya. Gesi pia nimewaambia.

Jicho la Mwewe
Weka picha ya karatasi ya ECG ya hospitali basi, ficha jina. Tuone mruko umeelekea wapi.

Mpasuambao
Wanayo wao kwenye faili. Na simu inaisha chaji.

Mzee wa Pweza
Kama hiyo Fuso haiendi Jumapili, namba ya dereva tafadhali. Nina mabati ya kupeleka Makambako.