Shule imeniambia mwanangu "si kipofu", basi muda wa ziada kidato cha nne asahau

MamaK_Memorial

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira, nikipitiliza mnivumilie.

Mwanangu wa kwanza yuko kidato cha nne hapa Moshi, shule ya kutwa, jina naliacha. Novemba ndiyo mtihani. Ana disleksia. Mwulize kwa mdomo damu inavyozunguka mwilini, atakueleza mpaka umwambie inatosha baba. Mpe maneno yale yale kwenye karatasi, utamwona anaweka kidole, anaruka mstari, anarudi juu, anasoma sentensi mara tatu ndipo imkae kichwani. Na karatasi zenyewe ni za Kiingereza.

Juni walifanya mtihani wa utamilifu. Nimeishika karatasi yake ya Biolojia. Saa tatu zote, ameishia swali la saba. Maswali aliyojibu karibu yote yana vema. Baada ya hapo kurasa nyeupe, na kalamu nyekundu ya mwalimu: "MVIVU. Maliza karatasi." Nililia kwenye kibanda changu cha mitumba mpaka mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Sasa sikieni mlolongo. Mwaka jana Oktoba, akiwa kidato cha tatu, nilikwenda kwa mkuu wa shule mwenyewe, sikutuma mtu. Akasema nilete barua ya daktari. Nikampeleka kijana hospitali, wakampima macho, macho mazima, wakaniuzia miwani hata hivyo. (Iko kabatini. Anayeitaka aje.) Nikatafuta daktari wa pili, huyo akaelewa, akaandika mstari mmoja: "Kijana huyu ana disleksia, asaidiwe." Januari, kabla ya usajili wa watahiniwa kufungwa, nikaipeleka ofisi ya taaluma. Wakaipokea. "Tutaishughulikia, mama."

Julai kwenye kikao cha wazazi nikauliza imefikia wapi. Jina lake limesajiliwa kama watahiniwa wengine wote. Barua ikatafutwa, ikaonekana kwenye faili la michango, imebanwa pini pamoja na risiti yangu ya chakula! Mwalimu wa taaluma, mbele ya wazazi wenzangu, anasema, "Mama, muda wa ziada ni wa wasioona na wenye uoni hafifu. Kijana wako anacheza mpira, anaona vizuri tu. Tukimpa yeye kesho wote watakuja na barua."

Nauliza, kuna mzazi wa shule za serikali aliyewahi kufanikiwa? Niende wapi na nishike nini mkononi? Na je, anaweza kupewa mtu wa kumsomea maswali?

Mangi_Mtata

Pole mama, ila na mimi niseme. Mtu wa kumsomea mtihani? Si atamnong'oneza na majibu? Watu tunahangaika na wizi wa mitihani halafu tuingize msomaji chumbani. Muda wa ziada sawa, hilo nakubali. Msomaji hapana.

BabaD_Njiro

Dada usihangaike, ni haki yake moja kwa moja. Binti yangu yuko shule inayofanya mitihani ya Kembriji hapa Arusha, alipewa asilimia 25 ya muda. Mtihani wa saa tatu anaongezewa dakika 45. Waambie wakupe asilimia 25, wakikataa wanavunja sheria.

Ticha_Elimu_Maalum

Nimesomea elimu maalum pale Patandi na nimefundisha miaka kadhaa, niseme ninayoyajua.

Baba wa Njiro, umesema nusu. Hiyo asilimia 25 ni ya bodi yenu. Hata kwenu haiji yenyewe: binti alipimwa, shule ikapeleka ushahidi. Huku kwa Baraza la Mitihani hesabu ni nyingine. Mtahiniwa mwenye mahitaji maalum huongezewa dakika 10 kwa kila saa, na Hisabati dakika 20 kwa kila saa. Mama K, karatasi ya saa tatu ya Biolojia inakuwa saa tatu na nusu. Hisabati inakuwa saa nne. Ukienda ofisini kudai dakika 45 watajua hujui unachodai, na hapo mazungumzo yamekwisha.

Mwalimu wako wa taaluma amekosea kusema ni ya macho tu, maana viziwi na wenye ulemavu wa viungo nao wamo. Ila tuseme kweli: disleksia haionekani, haina fimbo nyeupe, na walimu wengi waliopita vyuo vya kawaida hawajawahi kuisikia. Ndiyo maana ushahidi wako lazima uwe mzito kuliko wa mwenye fimbo, na hiyo barua yako ya mstari mmoja ni nyepesi mno. "Asaidiwe" maana yake nini? Asaidiwe kubeba begi? Barua inatakiwa iseme anasoma kwa kasi gani akilinganishwa na wenzake, anakosea wapi, anaelewa kiasi gani akisomewa, na kwa hiyo anahitaji kipi. Daktari wa macho hawezi kuandika hayo. Yanaandikwa na mpimaji wa elimu maalum, na Afisa Elimu Maalum wa halmashauri yako ndiye wa kukuelekeza kwake. Anza kwake, si kwa taaluma.

Halafu kuna jambo ambalo wazazi wengi hulikosa. Mtu anayeamua atauliza: je, darasani anafanya hivyo siku zote? Kama kijana hajawahi kuongezewa hata dakika tano kwenye jaribio la wiki, ombi linaonekana limezuka kwa sababu ya Novemba. Kwa hiyo fanya hivi nyumbani, na umwombe mwalimu mmoja mwenye moyo afanye shuleni. Mpe karatasi ya zamani na kalamu ya bluu. Muda halali ukiisha, mnyang'anye ya bluu, mpe nyekundu, aendelee kwa zile dakika za ziada tu. Atakachoandika kwa nyekundu ndicho muda wa ziada unachomletea. Asipoandika kitu, basi tatizo lake halitibiwi na muda, na ni afadhali ujue mapema.

Mangi, kuhusu msomaji. Msomaji anasoma kilichochapwa, neno kwa neno, wala hafafanui. Akiambiwa arudie anarudia vile vile, bila kukaza sauti kwenye jibu. Chumba ni cha peke yao, maana sauti itawasumbua wengine, na msimamizi yupo. Mwalimu wa somo husika hafai kuwa msomaji, hata akiwa malaika. Wasiwasi wako una msingi, ila dawa yake ndiyo hiyo.

Lakini Mama K, usiombe msomaji kwa masomo yote kwa mkupuo. Kwenye Kiswahili na Kiingereza kuna ufahamu, na ufahamu unapima kusoma kwenyewe. Ukimsomea ile habari umemfanyia mtihani. Omba somo kwa somo, na useme sababu.

Shangazi_wa_Himo

Mimi wangu ana kigugumizi, yuko darasa la sita. Naye naweza kumwombea wa kumsomea? Mwalimu anasema akisimama kusoma darasa zima linacheka.

Ticha_Elimu_Maalum

Shangazi, wako anasoma vizuri kimoyomoyo, sivyo? Basi mtihani wa kuandika haumbani. Huyo mwalimu ndiye wa kuzungumza naye, aache kumsimamisha.

MamaK_Memorial

Ticha, nimerudi baada ya wiki mbili. Mungu akubariki, ila hasira bado ninayo.

Tumefanya ile ya kalamu, Jumamosi mbili. Historia: kwa bluu aliishia swali la tisa. Kwa nyekundu, dakika 30, akamaliza la kumi na kuanza insha ya mwisho. Nimempa mwalimu mmoja wa zamani hapa mtaani asahihishe bila kumweleza kisa. Bluu alama 38, nyekundu 11. Jumla 49. Ticha, 38 ni D, 49 ni C!

Hisabati ikanivunja moyo. Nilimpa saa nzima ya ziada kama ulivyosema. Nyekundu aliandika mistari miwili, akalaza kichwa mezani. Nikamwuliza vipi, akasema, "Mama, hesabu zilizobaki sizijui." Nikanyamaza.

Nikajaribu na ile ya kusomewa. Mdogo wake wa kidato cha pili alimsomea maswali ya Jiografia. Mara ya kwanza alikuwa anaona haya kumwambia rudia, akajibu hovyo. Mara ya pili nikawatoa sebuleni, nikawafungia chumbani, akamrudisha dada yake swali moja mara nne, na akajibu.

Nimekwenda kwa Afisa Elimu Maalum. Mtu mzima, alinisikiliza, hakunicheka. Nimetoka hapo na siku ya kwenda kupimwa, na nimeonyesha zile karatasi za rangi mbili, amezipiga fotokopi. Lakini akaniambia usajili ulishafungwa na shule haikuonyesha kuwa kijana ana mahitaji maalum, kwa hiyo ataandika barua ya kuomba marekebisho na hawezi kuniahidi chochote. Kuhusu msomaji alitikisa kichwa, akasema huo ni mlima mwingine.

Yaani barua yangu ingetoka kwenye lile faili la michango Januari, leo tusingekuwa tunaomba marekebisho ya mtu yeyote.

Mangi_Mtata

Mama K, hiyo ya bluu na nyekundu imenifunga mdomo. Msomaji bado sijakubali, ila dakika 30 apewe hata kesho.

Ticha_Elimu_Maalum

Hongera kwa kazi. Karatasi ya Hisabati usiifiche, iweke pamoja na zile nyingine. Mpimaji akiona muda umesaidia Historia na haukusaidia Hisabati ataamini hata ile ya Historia, maana mtu anayetunga angeleta zote zimepanda. Na hiyo ya Hisabati mtafutie mwalimu wa jioni, bado kuna miezi.

Kuhusu usajili, nimewahi kuona marekebisho yakikubaliwa na nimewahi kuona yakikataliwa. Barua ya mkuu wa shule inayokiri kuwa ulileta taarifa Januari ndiyo itakayobeba ombi. Ile karatasi uliyosainiwa ulipopeleka barua ya daktari unayo?

MamaK_Memorial

Hawakunisainia kitu, Ticha. Ila ile risiti ya chakula waliyoibana nayo ina tarehe, tarehe 17 Januari, na matundu ya pini yanalingana na ya kwenye barua. Jumatatu nafunga kibanda, nazipeleka zote mbili mezani kwa mkuu wa shule, na sitoki mpaka aandike.