Slaidi za kumuuzia samaki meneja wa hoteli: 16 zenye maelezo au 5 zenye maneno machache?

NguruFreshi (Malindi)
Salaam wanajamvi. Wiki ijayo nina kikao na hoteli moja ya Watamu, nataka wanipe oda ya samaki ya mwaka mzima. Nimetengeneza slaidi 16: historia yetu, vibali, aina za samaki, usafiri, bei, kila kitu kimo. Mpwa wangu anasema nibakishe 5, kila moja na jambo moja tu. Nifuate lipi?

KijanaMambrui
Mpwa wako ana akili. Kanuni ni mistari 6, kila mstari maneno 6. Ukizidisha hawasomi.

StoaMstaafu
Tuambie kwanza: utasimama mwenyewe uzionyeshe au utazituma kwa simu? Umepewa dakika ngapi? Mpishi mkuu atakuwepo?

BiShela
Mimi nina nyumba ya wageni Lamu, na picha ndiyo inayouza. Weka jahazi na machweo, wageni watajileta.

KijanaMambrui
Bi Shela, hatafuti wageni, anauza samaki 😂

NguruFreshi
Nitasimama mwenyewe, dakika 15. Mpishi sijui. Ila meneja ameshasema hawezi kuamua peke yake, mkurugenzi yuko Nairobi na atatumiwa.

StoaMstaafu
Hilo la Nairobi ndilo ungeanza nalo! Nitalirudia.

Nimenunulia hoteli vitu miaka mingi. Kuna muuzaji wa mafriza alitujia msimu wa wageni. Slaidi ya kwanza picha ya mwenyekiti wao, ya pili historia, ya tatu vyeti vimepangwa vidogo kama stempu. Naye anatusomea neno kwa neno, mgongo ametugeuzia. Mpishi akaitwa jikoni, akaenda, hakurudi. Mimi simu ikalia. Nilichotaka kujua ni kimoja: umeme ukikatika, friza inashika baridi kwa saa ngapi? Jibu lilikuwamo, kwenye jedwali la slaidi ya 14, na sisi hatukufika huko. Tulinunua kwa mwingine.

Kijana, mistari 6 ya maneno 6 ni maneno 36, na bado yanaweza kuwa mambo 6 tofauti. Usihesabu maneno, hesabu mambo. Andika kichwa cha slaidi kiwe sentensi kamili inayodai kitu. "Huduma Zetu" haidai chochote. Na sentensi ikikulazimisha kutia "na" katikati ili madai mawili yaingie, hizo ni slaidi mbili.

Sasa NguruFreshi, mnunuzi wa Watamu anaogopa nini? Agosti. Wageni wamejaa, kusi linavuma, mashua hazitoki. Slaidi yako ya kwanza iwe: "Agosti kusi likivuma, samaki wenu wanafika." Chini yake chati moja ya miezi 12, nguzo zote kijivu, ya Agosti peke yake rangi. Hapana nembo kubwa, hapana mistari ya nyuma.

NguruFreshi
Chati ya kilo? Kwa mteja niliye naye sasa, Januari nilipeleka kilo 610, Agosti 372.

StoaMstaafu
Aliagiza ngapi Agosti?

NguruFreshi
400.

StoaMstaafu
Basi usichore kilo. Nguzo ya Agosti itakuwa fupi, na jicho litaona upungufu kabla hujafungua mdomo. Chora ulichopeleka kwa kila kilo 100 zilizoagizwa. Agosti inakuwa 93, na hiyo ndiyo hoja yako. Zile kilo 28 zilizokosekana jiandae kuulizwa.

MamaHesabu (Kilifi)
Naunga mkono nusu. Mkurugenzi wa Nairobi atafungua slaidi yenye sentensi moja na nguzo 12, bila wewe pembeni, ataelewa nini? Bosi wangu akipata faili la hivyo huuliza "haya mengine yako wapi?" Mwandikie barua ya kurasa mbili yenye bei na masharti.

KijanaMambrui
Mafaili mawili ni hatari. Bei ukiirekebisha kwenye moja, nyingine inabaki ya zamani.

StoaMstaafu
Kweli hapo. Andika maelezo kwenye sehemu ya notes chini ya kila slaidi. PowerPoint ukienda kuchapisha, chagua Notes Pages: slaidi juu, maelezo chini. Faili moja, watu wawili.

MamaHesabu (Kilifi)
Na akisomea kwenye simu? Maandishi yale hayaonekani mpaka avute kwa vidole viwili. Mimi bado nasema barua.

NguruFreshi
Na vibali je? Vile vya usafi nimevihangaikia sana, vikae slaidi gani?

StoaMstaafu
Kwenye bahasha. Akiuliza, mpe.

MamaHesabu (Kilifi)
Hoteli nyingine haikusikilizi mpaka ivione kwanza. Mpigie meneja umuulize.

BiShela
Kwani pweza unauzaje kilo? Na Lamu mnaleta, au mpaka nije Malindi?

NguruFreshi
Bi Shela, tatizo ni barafu njiani. Nicheki inbox.

KijanaMambrui
Barafu ya kuvunja au ya vipande? Kuna jamaa Mambrui anauza…